Kupoza maziwa ya jibini Goma: tiyo inahitaji mita ngapi?

Maziwa kutoka Masisi yakishapashwa hadi 72°C, inabidi yashuke hadi 32°C ndipo yatiwe prezire, ile dawa ya kugandisha jibini. Tuchukue kilo 500 kwa saa, zinazopozwa kwa kilo 1000 za maji ya 24°C. Maziwa yanapita katika tiyo ya inoksi yenye kipenyo cha nje cha mm 25, na maji yanapita nje yake kwa mwelekeo wa kinyume.

Hatua ya 1: joto la kuondoa. Kilo moja ya maziwa hubeba takriban kJ 3.9 kwa kila digrii.

```
Q = (500/3600) × 3.9 × 40 = 21.7 kW
```

Joto hilo linaingia kwenye maji na kuyapandisha digrii 18.7, kwa hiyo yanatoka na 42.7°C. Angalia hapo: maji yanatoka yakiwa moto kuliko maziwa yanayotoka. Mikondo ikienda upande mmoja, jambo hilo haliwezekani hata uongeze tiyo kiasi gani.

Hatua ya 2: tofauti ya joto kila mwisho. Yanapoingia maziwa ni 72 − 42.7 = 29.3. Yanapotoka ni 32 − 24 = 8. Wastani wa tofauti hizo mbili, ΔTm, unapatikana hivi:

```
ΔTm = (29.3 − 8) / ln(29.3/8) = 16.4
```

Usijumlishe ukagawa kwa mbili. Utapata 18.7, na tiyo itakuwa fupi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kadiri ncha mbili zinavyotofautiana, ndivyo kosa hilo linavyokua.

Hatua ya 3: eneo. U ni uwezo wa tiyo kupitisha joto kwa kila mita ya mraba na kila digrii ya tofauti. Kwa tiyo safi ya namna hii naanza na U = 800 W/m²K, lakini maziwa ya moto huacha utando kwenye inoksi. Ukiuhesabu utando kuwa 0.0002 m²K/W, U inashuka hadi 690.

```
A = Q / (U × ΔTm) = 21700 / (690 × 16.4) = 1.92 m²
```

Mita moja ya tiyo ina m² 0.0785, basi tunahitaji mita 24.4. Tiyo zikija vipande vya mita 3, vipande 8 havifiki. Weka 9.

Hatua ya 4: pima ikiwa inafanya kazi. Soma joto sehemu zote nne, kisha linganisha joto lililotoka kwenye maziwa na lililoingia kwenye maji. Hesabu hizo mbili zikiachana sana, chunguza kwanza mtiririko kwa ndoo na saa, maana bado hujui lolote kuhusu eneo. Zikikubaliana, tafuta U kutokana na vipimo vyako. U inayoshuka siku hadi siku ni utando, na dawa yake ni kuosha.

Ila U ikibaki palepale na maziwa yanatoka na 34°C, pima maji yanayoingia. Tanki lililo juani likiyafikisha 28°C, ncha ya baridi inabaki na digrii 4 tu, ΔTm inakuwa 11.5, na mita 27 zako hazitoshi: sasa zinatakiwa karibu 35. Kivuli juu ya tanki ni rahisi kuliko mita nane za inoksi.