Jinsi ya kuomba mkataba wa pango au gari uingizwe kwenye ERP

Mwongozo huu ni wa msimamizi wa tawi au ofisa wa ununuzi aliyesaini mkataba wa kupanga ofisi, ghala au gari, na sasa anahitaji idara ya hesabu iuingize kwenye ERP, yaani mfumo wa kompyuta wa hesabu za kampuni. Tangu tarehe 1 Januari 2019, IFRS 16, kanuni ya kimataifa ya uhasibu wa mikataba ya kupanga, inamtaka mpangaji aonyeshe kwenye mizania haki yake ya kutumia mali pamoja na deni la malipo yaliyobaki. Kwa hiyo haitoshi tena kumletea mhasibu ankara ya mwenye nyumba kila robo mwaka. Mhasibu anahitaji mkataba mzima, na anauhitaji kabla ya malipo ya kwanza.

Kabla ya kujaza ombi, hakikisha mkataba unahusika. Ukiwa wa miezi 12 au chini, na hauna kipengele cha kununua mali, kampuni inaweza kuchagua kuuacha kwenye gharama za kawaida. Ila angalia ule mtindo wetu wa Kampala wa kusaini mwaka mmoja mmoja na kuongeza kila ukiisha. Kama umejenga kuta za ndani, umeweka rafu na vipoza hewa, na unajua fika kwamba huhami mwakani, mhasibu atakuuliza unatarajia kukaa miaka mingapi. Mjibu kwa ukweli, kwa sababu huenda muda wa mkataba kwa hesabu ukawa mrefu kuliko ule ulioandikwa kwenye karatasi.

Kwa gari, jiulize kama mkataba unataja gari fulani. Iwapo mwenye gari anaweza kukuletea jingine wakati wowote apendapo, na kubadilisha huko kunamfaidi yeye, basi umenunua huduma ya usafiri tu na hakuna haki ya matumizi ya kuandika. Kubadilishiwa gari kwa sababu limeharibika hakuhesabiwi hapo. Pia usitegemee msamaha wa mali zenye thamani ndogo: gari haliingii humo, hata likiwa kuukuu.

Ukiridhika, ambatanisha nakala ya mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, hati ya kukabidhiwa funguo, ratiba ya malipo, na risiti za ulicholipa mpaka sasa. Hati ya funguo ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayotoa tarehe ya kuanzia. Ukisaini Julai lakini funguo ukapewa tarehe 1 Agosti, hesabu inaanza Agosti. Mkataba wa gari lenye dereva, omba mwenye gari aandike pembeni bei ya gari lenyewe na bei ya dereva na matengenezo. Hizo za dereva ni huduma, na kampuni nyingi huzitenga zisiingie kwenye deni.

Kwenye fomu ya ombi andika kiasi bila kodi ya ongezeko la thamani. Mwenye jengo la biashara aliyesajiliwa atakutoza asilimia 18 juu ya pango. Kama kampuni yako nayo imesajiliwa na inairejesha kodi hiyo kwa ankara ya EFRIS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, haiwi sehemu ya deni la pango. Vivyo hivyo amana ya usalama utakayorudishiwa ukihama: iandike kwenye mstari wake, usiichanganye na pango.

Tuchukue mfano wa duka la Ntinda. Mkataba ni wa miaka 3 kuanzia tarehe 1 Agosti, pango ni shilingi 9,000,000 kwa robo mwaka, inalipwa mwanzoni mwa kila robo. Dalali alilipwa shilingi 1,500,000. Mkataba hautaji riba, hivyo mhasibu anatumia riba ambayo kampuni ingetozwa na benki kwa mkopo wa muda na dhamana kama hiyo. Tuseme asilimia 16 kwa mwaka, yaani 4 kwa robo. Malipo yako jumla ni 12, lakini la kwanza linalipwa siku ileile ya funguo, kwa hiyo deni ni thamani ya leo ya malipo 11 yaliyobaki, ambayo Excel inaipata hivi:

```
=PV(4%,11,-9000000)
```

Jibu ni shilingi 78,844,290. Ongeza malipo ya kwanza na ya dalali, unapata haki ya matumizi ya shilingi 89,344,290, ambayo itachakaa kwa miezi 36, takriban shilingi 2,481,786 kila mwezi.

Peleka hesabu hii pamoja na ombi, hata kama si kazi yako. Ndiyo itakayokuonyesha kama mfumo umeelewa mkataba. Kosa la kawaida ni mfumo kudhani malipo yanafanyika mwisho wa kipindi. Kwenye Dynamics 365 Finance, moduli ya `Asset leasing`, mhasibu achague `Annuity due` kwa pango linalolipwa mbele. Akikosea, malipo yote 12 yanahesabiwa kana kwamba yamechelewa robo moja na thamani yake inashuka kutoka 87,844,290 hadi 84,465,664. Kosa la pili ni la riba: mfumo ukiichukua ile 16 kama riba halisi ya mwaka badala ya 4 kwa robo, deni litasoma karibu milioni 79.8. Ukiona 84,465,664 au hiyo milioni 79.8, rudisha ombi kabla halijaidhinishwa.

Mhasibu mkuu akiidhinisha, mfumo unadebiti haki ya matumizi na kukrediti deni. Wengi hudhani kazi imeisha hapo, kumbe matatizo mengi huzaliwa tarehe 1 Novemba, siku ya malipo ya pili. Karani wa malipo amezoea kupeleka ankara ya pango kwenye akaunti ya gharama za pango. Akifanya hivyo, kampuni inabeba gharama mara mbili: pango upande mmoja, uchakavu na riba upande mwingine. Niliwahi kukuta hali hii kwenye ofisi moja ikiwa imeendelea mwaka mzima, na kila mtu analaumu mauzo kwa faida iliyopungua.

Ni rahisi kuigundua. Riba ya robo ya kwanza ni asilimia 4 ya 78,844,290, yaani 3,153,772. Deni linapanda hadi 81,998,062, kisha malipo yanalishusha hadi 72,998,062. Omba salio la deni tarehe 2 Novemba. Likisoma bado 81,998,062, hela imetoka benki lakini haikugusa deni. Muombe mhasibu ahamishe ile 9,000,000 na abadili akaunti kwenye rekodi ya mwenye nyumba ili ankara ijayo isirudi kulekule.

Kama pango lenu limeandikwa kwa dola, kama yalivyo majengo mengi ya katikati ya jiji, deni hutafsiriwa upya kwa kiwango cha kubadilisha fedha kila mwisho wa mwezi, na tofauti inakwenda kwenye faida au hasara. Haki ya matumizi inabaki kwenye shilingi za siku ya kwanza. Msishtuke namba hizo mbili zikiachana.

Baada ya hapo ombi jipya linahitajika pale tu mkataba unapobadilika: pango limepanda, mmeongeza chumba, mmeamua kuongeza muda, au mnahama mapema. Lipeleke wiki ileile mliyokubaliana na mwenye nyumba, likiwa na barua yake.