Kazi sita, mstari mmoja: namna ya kujieleza kwa asiyekujua

Wengi wetu tuliotoka Unguja na Pemba, historia zetu za kazi zimekatikakatika. Mtu kaanzia kwenye karafuu, kaingia duka la mjomba, kapata hoteli, kisha kavuka ng'ambo kubeba boksi. Kila hatua ilikuwa na sababu yake: ada ya skuli ya mdogo wake, viza, kodi ya nyumba. Jamaa zako wanazijua sababu hizo. Anayekutana nawe leo hazijui, na akisikia kazi sita zisizofanana anahitimisha haraka kwamba hukai mahali. Dawa yake ni kutafuta mstari mmoja unaoziunganisha kazi zote hizo.

Tuchukue mfano mmoja tuuchambue mpaka mwisho. Kijana wa Wete kakulia kwenye mashamba ya karafuu ya babake. Kahamia Mjini, akawa muuzaji kwenye duka la vyakula Darajani. Kisha akawa msaidizi wa stoo kwenye hoteli moja ya Paje. Akenda Uingereza, akafanya zamu za usiku kwenye ghala la vyakula Milton Keynes, akapeleka chakula kwa baiskeli kwa muda, na sasa anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anataka kurudi, na amepata miadi na mwenye hoteli wa Unguja anayetafuta msimamizi wa stoo na manunuzi.

Achukue karatasi, aandike kazi zote sita, na mbele ya kila moja aandike alichokuwa anakishika na kosa gani lilikuwa likiogopwa pale. Cheo akiache kwanza. Swali la kosa ndilo linalofichua mengi, kwa sababu kila kazi, hata ndogo, ipo ili kuzuia hasara fulani.

Kwenye karafuu kosa ni mvua kukuta majamvi hayajaanuliwa, au kupeleka mzigo haujakauka sawasawa kituo cha ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, kwa hiyo mtoto wa shamba anajua mapema kwamba upungufu mwingine ni wa halali na mwingine ni wizi, na anajifunza kuutofautisha. Dukani kosa ni unga kuingia wadudu na deni kutoandikwa. Stoo ya hoteli ni samaki kuharibika umeme ukikatika. Ghalani ni kutoa boksi jipya na kuliacha nyuma lile linalokaribia tarehe ya mwisho. Nyumba ya wazee, ambayo yeye angeiona haihusiani kabisa, anahesabu vidonge na kutia saini kwenye karatasi ya dawa ya kila mzee. Kidonge kimoja kikipungua lazima kielezwe.

Sasa mstari unaonekana wenyewe: maisha yake yote amekuwa akishika vitu vinavyoharibika au kupotea, na akijibu hesabu yake. Baiskeli ya chakula haiingii vizuri, na asiilazimishe. Iwekwe kwenye wasifu kwa mstari mmoja na miaka yake, kwenye mazungumzo aiache mpaka aulizwe. Akiulizwa, ajibu kwa sentensi moja ya kweli: ilikuwa ya kujikimu huku akitafuta nyingine.

Hapa wengi huteleza kwa kuchagua mstari mpana mno. "Nimekuwa nikihudumia watu" ni kweli, lakini kila anayesubiri kuonana na mwajiri huyo huyo anaweza kuisema. Pima hivi: kama mwenzako uliyesoma naye angeweza kuitumia sentensi hiyo hiyo bila kuibadilisha, ikaze zaidi. Na mstari hutegemea unayezungumza naye. Kijana huyu huyu angekuwa anaomba kazi hospitali ya Mnazi Mmoja, angeanzia kwenye dawa na wazee, na karafuu ingebaki pembeni.

Mpangilio wa kusema nao una uzito. Ukianza utotoni Wete ukapanda mwaka kwa mwaka, msikilizaji anachoka kabla hujafika Paje. Anza na ulipo sasa, rudi kwenye mzizi, kisha ingia kwenye kazi yake yeye. Itasikika namna hii:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Haya, huko ng'ambo unafanya nini?"

"Sasa hivi nipo kwenye nyumba ya wazee, mzee, nashughulika na dawa: kuhesabu na kuziandika. Kabla ya hapo nilikuwa ghala la vyakula. Kazi ya kutunza mali isiharibike nimeianza kwenye karafuu za baba, Wete, nikaendelea nayo Darajani na stoo ya hoteli Paje. Nimesikia stoo yako inakusumbua, ndiyo nikaja."

Hayo hayafiki nusu dakika. Hajajisifu, na hilo kwetu ni muhimu, maana adabu tuliyolelewa nayo inatufanya tuseme "nahangaika tu" pale pale tunapotakiwa kueleza. Njia ya kuihifadhi adabu bila kujificha ni kuitaja kazi yenyewe: nilihesabu, nilipokea, nilikataa mzigo. Kazi ya kundi sema "tulikuwa", sehemu yako sema "mimi nilikuwa".

Baada ya hapo awe na jambo moja la karibu la kuthibitisha. Mfano, ghalani hawakusubiri mwisho wa mwezi kuhesabu kila kitu. Kila zamu ilihesabu rafu chache, na tofauti ikionekana inatafutwa siku ile ile, wakati aliyeshika mzigo bado anakumbuka. Mwenye hoteli akilisikia hilo atalinganisha na stoo yake mara moja. Ataanza kuuliza: masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni wakipungua, utaagiza vipi? Vitu vinavyotoka Dar kwa boti vikichelewa? Maswali ya namna hiyo ndiyo dalili kwamba mstari umeshika. Akikujibu "Mashaallah, umefanya kazi nyingi" akanyamaza, bado anaona vipande.

Kwenye karatasi, usifute miaka ukapanga ujuzi peke yake. Waajiri wengi wakikuta wasifu usio na tarehe wanashuku kuna kinachofichwa. Weka sentensi mbili za mstari wako juu kabisa, chini yake kazi kwa tarehe kuanzia ya sasa, na chini ya kila kazi kitu kimoja tu kinachoulisha mstari. Ukiwa na ukurasa wa LinkedIn fanya vivyo hivyo kwenye sehemu ya About, kwa sababu msomaji huona mistari michache ya mwanzo tu mpaka abonyeze kuendelea. Mwaka uliokaa bila kazi kwa uzazi au ugonjwa wa mzazi uandike hivyo hivyo.

Nalisisitiza hili kwa uchungu kwa sababu nimeona likiwaharibia watu wema: usipandishe cheo. Aliyekuwa mpakiaji wa usiku asijiite meneja wa usafirishaji. Visiwa vyetu ni vidogo, na binamu wa mwenye hoteli huenda alipiga zamu kwenye ghala hilo hilo. Mstari unaunganisha yaliyotokea, hauongezi lisilokuwepo. Cheo chako halisi kiandike kama kilivyokuwa kwenye mkataba, na uzito uuweke kwenye ulichokishika.

Kabla ya miadi, mpigie mtu asiyeijua kazi yako, mweleze mara moja, kisha umwombe akurudishie kwa maneno yake. Asipolitaja lile unalotaka likumbukwe, punguza kazi moja kwenye maelezo na ujaribu tena kwa mtu mwingine, maana huyo wa kwanza ameshakujua.