Kabla hujangoja basi hapo steji
Ukifungua usafiri wa umma kwenye Google Maps, tazama kando ya dakika. Pakiwa na alama ndogo ya mawimbi, muda huo umetokana na mahali basi lilipo sasa. Isipokuwepo, hiyo ni ratiba tu, na matatu zetu huondoka zikijaa. Juzi hapo Buxton, Mombasa, niliona dakika 6 bila mawimbi. Nikapanda ya kwanza ya Bamburi iliyotokea.

Hata ukiona kidoti cha basi, ngoja dakika moja kisha ukitazame tena. Kikiwa palepale na barabara iliyo mbele yake kwenye ramani ni nyekundu, kama Daraja la Nyali jioni, basi limekwama. Tafuta njia nyingine. Barabara ikiwa kijani, huenda ni mtandao tu uliokatika, na basi laja. Hapo mimi hungoja.