SOMO: Beberu anajikamua na mkojo hautoki, usimpe mafuta, angalia kwanza kama ni vijiwe

Habari za saa hizi wakuu. Niliahidi somo la mabeberu wa kunenepesha nikawa nimebanwa na shamba, leo nimepata nafasi. Mimi nipo Masasi, nafuga mbuzi kidogo kidogo na kila mwaka nanenepesha madume machache kwa ajili ya Idd ya kuchinja.

Nianze na langu. Nilikuwa na madume sita bandani, yote yamehasiwa yakiwa madogo, nayalisha pumba ya mahindi na mashudu ya alizeti karibu yashibe, majani kidogo tu ya kutafuna. Yalinawiri kweli. Siku moja asubuhi mmoja, yule mnene kuliko wote, nikamkuta kasimama miguu ya nyuma kaipeleka mbali, mgongo kaukunja, mkia unachezacheza, anajikaza halafu analia kile kilio cha kuumia. Jirani akasema huyo kafunga choo mpe mafuta ya kula. Nikampa. Kesho yake mchana nikamkuta ametulia, halii tena, hajikamui, nikasema alhamdulillah dawa imefanya kazi. Jioni tumbo limevimba pande zote mbili kama peasi, ukiligonga upande huu unasikia maji yanacheza upande wa pili. Vijiwe vilikuwa vimeziba mrija wa mkojo, na kibofu kilikuwa kimeshapasuka. Ule utulivu ndio ulionidanganya, kibofu kikipasuka ule mkazo unaisha kwa hiyo mbuzi anaonekana kapata nafuu, kumbe mkojo unamwagika tumboni na sumu inaingia mwilini. Akafa.

Sasa hatua zenyewe.

Hatua ya 1, hakikisha ni mkojo na sio choo. Mtenge peke yake sehemu kavu, tandika gunia kavu au weka kwenye sakafu ya simenti, kaa naye kama saa moja. Je gunia limelowa? Akitoa matone tu, au matone yenye damu, au hakuna kitu kabisa huku anajikaza, shika hapo hapo. Halafu pitisha vidole kwenye nywele za mdomo wa ala ya uume, zile nywele zinazoning'inia chini ya tumbo. Wenye vijiwe mara nyingi unakuta chembechembe zimeshikamana na nywele, ukizisugua unazisikia kama chumvi. Choo kuona kipo sio ushahidi wa kwamba yuko salama, wangu alikuwa anatoa kinyesi vizuri tu.

Hatua ya 2, piga simu kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usisubiri kesho. Mrija ukiziba kabisa kibofu kinaweza kupasuka ndani ya siku moja au mbili. Wakati unamsubiri ondoa pumba na mashudu yote, mwachie majani na maji ayanywe mwenyewe. Usimnyweshe maji kwa nguvu, usimminye tumbo, na dawa za kuongeza mkojo ni hatari, unajaza debe ambalo halina pa kumwagia.

Hatua ya 3 ni ya daktari, nawaeleza ili mjue anachofanya. Kwenye ncha ya uume wa mbuzi kuna kimkia chembamba kama uzi, kijiwe hupenda kunasa hapo. Daktari anampa dawa ya maumivu, anautoa uume nje, anakikata kile kimkia. Mara nyingine mkojo unaruka papo hapo. Na beberu aliyekatwa kimkia anapanda majike kama kawaida, msiogope. Ila kama kijiwe kimenasa juu zaidi, pale mrija unapojikunja kama S, kukata hakusaidii, linabaki suala la upasuaji. Na hata aliyefunguka anaweza kuziba tena siku chache mbele kama kibofuni kuna mchanga umebaki, kwa hiyo muendelee kumchungulia gunia lake.

Hatua ya 4, chakula, na hapa ndipo nataka mkae kidogo. Vijiwe vya mbuzi wa pumba vinatokana na fosforasi kuzidi. Pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu karibu na hakuna, wakati mbuzi anataka kalsiamu iwe kama mara mbili ya fosforasi. Fosforasi iliyozidi inatokea kwenye mkojo, mkojo ukiwa mzito inaganda. Jike naye anapata huo mchanga ila mrija wake ni mfupi na mpana, unapita.

Chukua mchanganyiko wangu wa zamani, pumba kilo 8 na mashudu ya alizeti kilo 2. Kwa makadirio fosforasi ni gramu 76 hivi, kalsiamu gramu 12. Yaani badala ya mbili kwa moja mimi nilikuwa moja kwa sita! Ningesema niongeze kalsiamu kwa chokaa ya kulishia tu ingebidi karibu gramu 370, nyingi mno, mbuzi wanasusa.

Nikapunguza pumba hadi kilo 4, nikaweka makopa yaliyokauka vizuri na kupondwa kilo 3 na nusu, maana muhogo fosforasi yake ni ndogo sana, na huku kwetu muhogo sio shida. Mashudu yakabaki kilo 2. Fosforasi ikashuka hadi gramu 50 na kitu, na chokaa ya kulishia ikatosha gramu 230. Chumvi gramu 200, hiyo ni ya kumfanya anywe maji ili mkojo uwe mwepesi. Dume la kilo 25 hadi 30 namwanzishia kidogo kidogo, nafikia gramu 300 kwa siku basi, tumbo lililobaki lijazwe na majani.

MASWALI

Mdau wa Newala: Mkuu huku maji tunanunua ndoo, nikiweka hiyo chumvi si nitafilisika?
Jibu: Nakuelewa ndugu yangu. Lakini chumvi bila maji ni kumuua, kwa hiyo kama huna uhakika wa lita 3 au zaidi kwa kila dume kila siku, usiweke chumvi hiyo, na punguza pumba zaidi, walishe majani mabichi ambayo yana maji yake. Maji machafu wanayagusa mdomo tu, osha ndoo.

Mdau wa Nachingwea: Mi nachanganya unga wa mifupa, si kalsiamu hiyo?
Jibu: Ni kalsiamu inayokuja na fosforasi yake, kwa hiyo ule uwiano haurekebiki. Tumia chokaa ya kulishia ile ya duka la vyakula vya kuku, au makombe ya baharini yaliyosagwa laini. Chokaa ya kupaka ukuta usiguse, inaunguza.

Mdau wa Lindi mjini: Kwa hiyo niwape majani ya lusina tupu niachane na pumba?
Jibu: Hapana dada, changanya na nyasi. Kalsiamu ikizidi sana nayo ina vijiwe vyake vya aina nyingine.

Mdau wa Mtama: Kuhasi kunahusika?
Jibu: Kunahusika. Ukihasi kadogo sana mrija unabaki mwembamba. Subiri afike miezi minne hadi sita, ila uwatenge na majike maana wataanza kupanda.

Mdau wa Masasi: Aliyeziba nikimuwahi kisu nyama inalika?
Jibu: Kabla kibofu hakijapasuka na kama hajachomwa dawa, muite afisa mifugo aikague aamue. Kikishapasuka nyama inanuka mkojo mpaka kwenye sufuria, usimuuzie mtu.