Kunakili picha ya skrini ya kikao cha Zoom bila kuchanganya maneno

Ukipewa picha ya skrini ya kikao cha Zoom uandike maneno yake, usisome moja kwa moja kutoka juu kushuka chini. Weka kwanza vichwa vitatu: Majina, Chati, Skrini iliyoshirikiwa. Kisha maliza eneo moja kabla ya kugusa lingine.

Chukua kikao cha kikundi cha akiba. Jedwali linaloonyeshwa lina "Jumla 450,000". Kwenye chati, Katibu ameandika "Ni 540,000". Ukiyaweka pamoja, msomaji atadhani jedwali limesharekebishwa, kumbe bado. Kila namba ibaki chini ya kichwa chake, na usimsahihishie mtu.

Majina ndiyo yenye mitego. Kibandiko chini ya video kikisomeka "Mweka Haz...", andika hivyo hivyo na nukta zake, hata kama chati inaonyesha jina kamili. Mwingine ataonekana kama "Galaxy A14". Hilo ni jina la simu yake, liandike lilivyo. Fremu ya rangi kuzunguka video huonyesha anayesikika wakati huo, lakini haisemi ametamka nini, kwa hiyo usimwekee maneno ya jedwali mdomoni.

Kwenye chati, jina la mtumaji na saa viende na ujumbe wake. Ujumbe wa juu kabisa mara nyingi umekatwa na jina limepotelea juu. Andika [mtumaji haonekani]. Ule utepe wa "You are viewing..." ni wa Zoom yenyewe, hivyo uandike kando.