Somo: Kuandika ripoti ya mtoto aliyezama bwawani akaokolewa

Wanachama wenzangu, wiki iliyopita niliahidi somo hili, na niliahidi pia kulitolea mfano halisi. Nimekuwa msimamizi wa mabwawa ya hoteli za pwani ya Tanzania kwa miaka kadhaa. Ripoti ninayoitumia hapa iliandikwa vibaya mara ya kwanza, na mwandishi wake nilikuwa mimi. Hoteli siitaji, na mambo madogo nimeyabadilisha ili familia isitambulike.

Mvulana wa miaka 7 alikuwa upande wa kina kifupi, akatambaa ukingoni kwa mikono hadi maji yalipofika mita 1.8, kisha akaachia ukingo. Alitolewa akiwa hapumui, akapuliziwa pumzi, akakohoa, akatapika, akalia. Kesho yake aliruhusiwa hospitali. Sasa andika hayo kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo, awe wa bima, polisi au mzazi, ataona kilichotokea bila kukupigia simu.

Kwanza, chukua maelezo kabla watu hawajakaa pamoja. Kila mwokoaji (wengi tunamwita laifugadi) aandike peke yake, kwa mkono wake, siku hiyo hiyo. Wakishakunywa chai pamoja utapata hadithi moja yenye sahihi tatu. Ulichoona wewe mwenyewe na ulichosimuliwa viandike mbalimbali. Na usiandike "alikuwa amekufa akafufuka". Andika kilichoonekana: hakujibu alipoitwa, kifua hakikupanda, midomo ilikuwa ya buluu, povu lilitoka puani. Kama hakuna aliyepima mapigo ya moyo, sema hayakupimwa.

Kichwa cha ripoti nacho kinahitaji uangalifu. Shirika la Afya Duniani linafuata maana iliyokubaliwa mwaka 2002: kuzama ni mtu kupata shida ya kupumua kwa sababu ya maji, na matokeo yake yanaweza kuwa kifo, madhara, au kupona kabisa. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa, maana kuzama si lazima iwe kufa maji. Andika "Kuzama bila kifo", inatosha.

Pili, saa. Hapa ndipo nilipoharibu.

Rasimu yangu ilisema mtoto alitolewa majini 16:22 kwa mujibu wa kamera, na mapokezi walipiga simu ya dharura 16:21 kwa mujibu wa simu yao. Mtu wa bima akauliza swali moja tu: mapokezi walijuaje kabla mtoto hajatolewa? Ilionekana kana kwamba tulimwona anazama, tukapiga simu kwanza, tukamwacha majini.

Ukweli ni kwamba saa ya kamera ilikuwa mbele. Kuipima ni rahisi: simama mbele ya kamera ukiwa na simu inayochukua saa kutoka mtandaoni, ielekeze kwenye kamera, kisha linganisha picha na saa ya kamera. Yetu ilikuwa mbele kwa dakika 3 na sekunde 40. Usiirekebishe kamera kwanza. Pima, andika tofauti, hifadhi nakala ya picha, ndipo fundi aiguse. Baada ya kutoa tofauti hiyo, tulipata:

16:16:25, mtoto aachia ukingo.
16:17:00, kichwa hakionekani tena.
16:18:35, mwokoaji wa kwanza aingia majini.
16:18:55, uso wa mtoto watoka majini.
16:19:10, mtoto yuko sakafuni kando ya bwawa.
16:21, mapokezi wapiga simu ya kwanza.

Muda wa kuwa chini ya maji, jambo la kwanza daktari atakalouliza, ni karibu dakika 2. Katika rasimu niliandika "dakika kama tano", kwa sababu ndivyo mama wa mtoto alivyohisi. Simlaumu, lakini hisia zake ni maelezo ya shahidi, si kipimo.

Kuna mtego mwingine ambao ni wetu sisi Waswahili. Shahidi mmoja aliandika "saa 10:15" akimaanisha saa kumi na robo jioni. Karani akaichapa hivyo hivyo, na msomaji wa Kizungu akaisoma kuwa asubuhi. Tumia mfumo wa saa 24 ripoti nzima. Maneno ya shahidi yaache yalivyo, halafu mbele yake weka 16:15.

Tatu, waokoaji walikuwa wapi. "Waokoaji wawili walikuwa zamuni" ni sentensi isiyosema kitu. Chora bwawa. Letu lina urefu wa mita 25 na upana wa mita 12, na linakwenda kaskazini na kusini. Weka alama ya kina, viti, miavuli, mahali mtoto alipozamia, na mahali kila mwokoaji alipokuwa 16:17, si mahali orodha ya zamu inaposema angekuwa.

Mwokoaji wa kwanza alikuwa kwenye kiti cha juu upande wa mashariki, akitazama magharibi. Saa kumi jioni jua liko huko huko, maji yanang'aa kama bati. Mwokoaji wa pili, ambaye sehemu yake ni kina kirefu, alikuwa ameondoka kwenda kugawa maboya upande wa watoto. Kwa hiyo kina kirefu kilikuwa kinatazamwa na mtu mmoja aliyekuwa mita 18 kutoka pale, anayepigwa na jua machoni.

Kesho yake, saa ile ile, tulizamisha mdoli wa mazoezi mahali pale pale nikapanda kwenye kiti kile. Sikumwona. Nilipohamia upande wa magharibi nilimwona mara moja. Matokeo ya jaribio hilo yaliingia kwenye ripoti pamoja na picha, na yalieleza zaidi kuliko kurasa mbili za maelezo. Katika mafunzo tunafundishwa kipimo cha sekunde 10 za kupitia sehemu yako kwa macho na sekunde 20 za kumfikia mtu. Mwokoaji wetu alitumia sekunde 20 hivi tangu aliporuka hadi kuinua uso wa mtoto, kwa hiyo miguu na mikono yake haikuwa na tatizo. Sekunde 95 za kabla ya hapo ndizo ripoti ilipaswa kuzieleza.

Nne, uokoaji. Andika kwa mpangilio, na kila tendo lipe mtendaji. Nani aliingia, kwa boya la uokoaji au mikono mitupu, nani alipokea ukingoni, nani aliwatoa wengine majini. Kwa aliyezama, shida huanza kwenye hewa, moyo hufuata. Ndiyo maana miongozo ya Ulaya inataka pumzi 5 kwanza, kabla ya kukandamiza kifua. Mvulana wetu alipuliziwa pumzi 5, akaanza kukohoa baada ya ya tano, kifua hakikukandamizwa. Akalazwa ubavu.

Lakini kabla ya pumzi, mgeni mmoja alimminya tumbo "atoe maji". Katika rasimu niliificha. Usifiche. Kuminya tumbo kunachelewesha hewa na kunaweza kuleta matapishi yakaingia mapafuni, kwa hiyo daktari anapaswa kujua. Andika: mgeni aliminya tumbo mara mbili au tatu, mwokoaji akamzuia.

Tano, simu. Chukua saa kutoka kwenye orodha ya simu zilizopigwa, si kichwani. Andika namba iliyopigwa, aliyepiga, alichosema, alichojibiwa. Tanzania, Zimamoto na Uokoaji ni 114 na polisi 112. Kenya kuna 999 na 112, na ambulensi za Msalaba Mwekundu 1199.

Simu yetu ya kwanza ilisema "njooni, mtoto amezama", ikakatwa. Haikutaja geti, wala kama anapumua. Simu ya pili ilipigwa 16:24. Ambulensi ilifika geti kuu 16:41, ikafika bwawani 16:46, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuipokea. Hizo dakika 5 ni zetu, si za ambulensi, na ripoti ilisema hivyo. Ilimalizia na saa ya kukabidhi mgonjwa, 16:58, na hali yake wakati huo: macho wazi, anajibu jina lake, anakohoa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Diani:* Kaka, mwokoaji wangu alikiri alikuwa akitazama simu. Meneja anataka tuliondoe neno hilo. Nifanyeje?

Maelezo ya mtu yakishatiwa sahihi hayaguswi, hata herufi. Meneja akiwa na maoni tofauti aandike yake, ayatie sahihi, yaambatanishwe. Nawe ongeza yanayozunguka jambo hilo: alikuwa kitini tangu saa ngapi bila kupokelewa? Wa kwangu alikuwa juani dakika 90, na hilo nalo liliandikwa.

*Mwanachama, Bagamoyo:* Hatuna kamera. Muda wa chini ya maji nitaupataje?

Tafuta tukio la mwisho alipoonekana hai juu ya maji na tukio la kwanza alipotolewa, kisha ulifunge kila moja kwa kitu chenye saa: risiti ya baa, picha ya simu ya mgeni, ujumbe uliotumwa. Ukipata "si chini ya dakika 1, si zaidi ya 3", andika hivyo hivyo. Usichague katikati.

*Mwanachama, Unguja:* Shikamoo mwalimu. Mtoto alimeza maji kidogo, alikohoa, akatolewa anaongea. Wazazi wakakataa hospitali. Bado niandike? Na hii habari ya "kuzama kukavu" siku tatu baadaye?

Marahaba. Andika, maana alipata shida ya kupumua kwa sababu ya maji. "Kuzama kukavu" achana nako, si neno la kitabibu linalokubalika. Dalili zikija, huja katika saa chache za kwanza, na hospitali nyingi humwangalia mtoto saa 4 hadi 8. Waambie wazazi: akiendelea kukohoa, akihema haraka au akiwa na usingizi usio wa kawaida, wampeleke papo hapo. Andika ulichowaambia, saa uliyowaambia, nao watie sahihi kwamba wamekataa. Wakikataa na sahihi, andika hilo, na shahidi wako atie yake.

*Mwanachama, Mtwapa:* Ripoti iwe kurasa ngapi?

Yangu ya kwanza ilikuwa 9. Ile iliyokubaliwa ilikuwa 3 na mchoro.