Kupima maoni ya mtaalamu wa maandishi kwenye kesi ya sahihi ya kughushi

Chukua kesi hii. Mkataba wa kuuza kiwanja una sahihi ya mzee ambaye sasa ni marehemu, na watoto wake wanadai imeghushiwa. Ripoti ya mtaalamu inasema: "Sahihi si ya marehemu, kwani mistari yake inatetemeka." Hayo ni maoni. Mahakama inaweza kuyakubali au kuyakataa, mradi itoe sababu.

Hatua ya 1: Jua alichunguza nini. Alishika mkataba halisi au fotokopi? Kwenye karatasi halisi, hadubini na mwanga wa pembeni huonyesha kalamu ilikandamizwa kiasi gani na ilinyanyuliwa wapi. Fotokopi hupoteza mengi ya hayo, na huweza kuficha sahihi iliyohamishwa kutoka hati nyingine. Akizungumzia mgandamizo wa kalamu ilhali aliona fotokopi tu, mbane hapo.

Hatua ya 2: Kagua sahihi za kulinganishia. Hapa alipewa tatu, zote za miaka kumi kabla ya mkataba, mzee akiwa na afya njema. Hazitoshi. Sahihi ya mtu hubadilika kila anapoiandika, na uzee na maradhi huibadilisha zaidi. Tafuta za karibu na tarehe ya mkataba, zilizoandikwa kabla ya mgogoro: fomu za hospitali, hati za benki, risiti.

Hatua ya 3: Muulize kuhusu pande zote mbili. Hiki ndicho kiini cha kazi, na ndipo mawakili wengi hupita haraka mno. Anayeiga sahihi huichora polepole. Mstari hutetemeka, mgandamizo huwa sawa mwanzo hadi mwisho, na ncha huwa butu. Mkono wa mgonjwa nao hutetemeka, ila mara nyingi hubaki na mwendo wake wa mazoea. Basi uliza: "Kama ni mwigaji, dalili hizi ungetarajia kuziona mara ngapi? Na kama ni mzee mwenyewe, akiwa mgonjwa?" Tuseme anajibu mara 80 kwa 100, kisha mara 40 kwa 100. Maana yake dalili hizo zina uwezekano mara mbili zaidi wa kuonekana kwenye sahihi ya kuigwa. Haina maana kwamba kuna uwezekano wa asilimia 80 kuwa sahihi imeghushiwa. Asipoweza kujibu swali la pili, ripoti yake imechunguza upande mmoja tu.

Hatua ya 4: Iweke pamoja na ushahidi mwingine. Nani alishuhudia utiaji sahihi? Fedha zililipwa, na zilipokelewa na nani? Uliza pia kama mtaalamu alisimuliwa madai ya familia kabla ya kuchunguza, maana simulizi hiyo huweza kuelekeza jicho lake.

Fomu za hospitali zikionyesha mtetemo uleule, sababu pekee ya ripoti imeanguka. Lakini hilo halithibitishi kwamba mzee ndiye aliyesaini. Anayeutegemea mkataba bado anahitaji ushahidi wake.